Tangazo la Wizi Langoni Migunga

Naftaly Wafula alikuwa mtu wa kuudhi. Nasema hivyo nikiwa nimelala naye chumba kimoja miaka minne, kwa hiyo nina haki. Ukimwambia mvua inanyesha, anatoka nje kwanza kuangalia. Ukimwuliza saa ngapi, hakwambii saa tisa, anakwambia saa tisa kasoro dakika nne. Alikuwa karani wa Loji ya Migunga, kando ya ziwa Naivasha, na mimi Kiprugut nilikuwa dobi wa hapo hapo. Yeye mikono yake ilinuka wino, yangu ilinuka sabuni na makaa ya pasi. Jioni tukila ugali aliniuliza maswali mpaka chakula kinapoa.

Kwao ni upande wa Bungoma. Misheni walimfundisha kusoma, kuandika na kupiga taipu, kisha wakamfundisha pia kwamba uwongo ni dhambi hata ukiwa mdogo, na hilo la pili ndilo lililomkaa kichwani. Alikuwa mwembamba, mrefu, na koti lake moja la kijivu alilivaa hata jua likiwaka. Mkewe Naliaka alibaki nyumbani na watoto. Kila mwezi alimwandikia barua ndefu ambayo mwalimu wa kule ndiye aliyemsomea mama wa watu, na nadhani mwalimu huyo alichoka kuliko mimi.

Hii ilikuwa mwaka wa hamsini na tano. Hali ya hatari ilikuwa imetuzunguka kila upande. Wakikuyu wengi waliokuwa wakifanya kazi Naivasha walikuwa wameshapakiwa kwenye malori na kurudishwa kwao, na wengine kupelekwa kizuizini. Pale Migunga walibaki wawili tu: mzee Kahiga, mlinzi wa lango, na mkewe Wangu aliyepalilia bustani ya mboga. Walibaki kwa sababu Memsabu Hale, meneja wetu, alikwenda mwenyewe kwa mkuu wa wilaya kuwasemea. Lakini kila mtu alijua kwamba kusemewa ni kwa siku moja moja. Neno moja baya likiandikwa juu ya Kahiga, lori linasimama mlangoni.

Basi ikawa Jumamosi, mwezi wa nne, saa kumi na robo jioni, mawingu yamejaa. Nilikuwa naanua shuka kwa haraka nikasikia mwanamume anapiga kelele langoni. Nikakimbia na shuka begani. Nje ya lango, pale barabara ya vumbi inapopinda kwenye ua mrefu wa miiba, kulikuwa na gari jeusi mlango wa nyuma wazi. Bwana mmoja mnene, uso mwekundu, alikuwa akimwelekezea Kahiga kidole kifuani. Mke wa bwana huyo alisimama kando ameshika kalamu. Mkoba wao wa ngozi ulikuwa umeibwa, ndani yake darubini, kamera na pochi ya bibi.

Swali la kwanza la Memsabu alipofika lilikuwa la bastola. Siku hizo mzungu aliyepoteza bastola kwa uzembe alishtakiwa mwenyewe, na eneo zima lilisakwa. Yule bwana, jina lake Lowther, akapapasa kiunoni. Bastola ilikuwepo. Sote tukapumua, hata sisi tusiojua Kiingereza tulielewa mkono ule.

Lakini kupumua kulikuwa kwa dakika moja. Bwana Lowther alimgeukia tena Kahiga, na neno alilolisema halikuhitaji mkalimani. Neno lenyewe lilikuwa "Kikuyu". Kahiga alikuwa amevua kofia yake, ameishika kwa mikono miwili tumboni. Kidole gumba chake cha kulia kilikuwa na wino.

Memsabu akapiga simu polisi. Polisi wakasema watafika karibu saa kumi na mbili. Kisha akamwita Naftaly: wageni ishirini na watatu walikuwa wamesikia kelele, wengine walikuwa wanaulizana kama Mau Mau wameingia, na bibi mmoja alikuwa ameanza kufunga masanduku. Alitaka tangazo kwenye ubao kabla ya wageni kukusanyika kwa chakula. Liwe tulivu, liwe fupi, nakala moja apewe inspekta. Naftaly akasema sawa, akachukua kofia, akatoka nje.

Mimi nilidhani anakwenda kupiga taipu. Anakwenda wapi? Langoni! Nikamfuata maana nilikuwa siwezi kutulia mahali.

"Karani, mashine iko huko," nikamwambia.

"Najua mashine iko wapi."

Akasimama mahali gari liliposimama. Akaangalia kibanda cha mlinzi, hatua kumi na tisa kutoka hapo, alizihesabu. Akaingia kibandani, akaketi kwenye kiti cha Kahiga, akatazama dirishani. Gari halikuonekana. Ua wa miiba ulilificha lote. Akakaa pale muda, na mimi nikaona uso wake umebadilika.

Nieleze hapa jinsi lango lilivyofanya kazi. Kwa amri ya hali ya hatari, kila gari lililoingia liliandikwa kitabuni: saa, namba ya gari, jina, sahihi. Kahiga hakujua kusoma, kwa hiyo alikuwa na kazi ya kusimama karibu na mgeni, kuhakikisha ameandika, kisha yeye anaweka dole gumba pembeni kuonyesha kwamba alikuwepo. Zamani alikibeba kitabu mpaka kwenye dirisha la gari. Lakini mvua za mwaka uliopita zililowesha kurasa, wino ukachuruzika, na Naftaly, ambaye karatasi chafu ilimuumiza kuliko jino bovu, akamwomba Memsabu kitabu kikae kibandani juu ya meza. Tangu hapo dereva alishuka, akatembea mpaka kibandani, na Kahiga akaenda naye. Gari likabaki nje peke yake.

"Dakika tano," Naftaly akasema. "Kwa miezi kumi na moja nimeacha kila gari dakika tano bila mtu."

"Wewe umeacha? Wewe ulikuwa ofisini."

"Kitabu nimekiweka hapa mimi."

Nikamwambia hilo hakuna anayeliuliza, na yeye asiwe wa kwanza kulisema. Alifungua kitabu. Mstari wa mwisho ulikuwa na mwandiko wa bibi Lowther: saa kumi na dakika kumi, namba ya gari, sahihi yake. Kando yake dole gumba la Kahiga, wino bado unang'aa. Ndiyo kusema mlinzi alikuwa amesimama na mwenye mali wakati mali inaibwa.

Kahiga alikuwa ameketi kwenye jiwe nje, haruhusiwi kwenda popote. Akamwuliza Naftaly kwa sauti ndogo, "Karani, wataandika nini juu yangu?"

"Nitaandika ulipokuwa," Naftaly akamjibu.

Sasa nitasema jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu. Nilipotoka pale nilipita nyumba za wafanyakazi, nikamwona Wangu mlangoni amefunga blanketi, sufuria na nguo za mumewe kwenye furushi. Alikuwa analifungua, anatoa sweta, anamwekea juu, analifunga tena. Baada ya kidogo analifungua tena. Nilimsalimia, hakuniona. Na mimi, badala ya kuketi naye, niliwaza kwamba kazi ya lango ni kazi ya kukaa kivulini, haina moshi wa pasi wala maji ya baridi alfajiri. Niliwaza kwamba kufika kesho lango litakuwa halina mtu. Miguu yangu ikanipeleka kwa Memsabu.

"Dobi, wewe nataka nini hapa?" akaniuliza, kwa Kiswahili chao cha mashambani.

Nikamwambia kama Kahiga anaondoka, mimi niko tayari kukaa langoni. Akasema, "Hapana sasa. Kwenda ngoja huko." Nikaenda kungoja kwenye chumba cha shuka, kilichopakana na ofisi, na mlango wa katikati haukuwa ukifunga vizuri. Ndivyo nilivyosikia yote yaliyofuata. Kiingereza changu kilikuwa cha kuokota. Niliyoyakosa Naftaly alinieleza baadaye, kwa urefu wake wa kawaida.

Taipu ilianza. Tak, tak, kimya. Tak, kimya. Nilitamani kuingia nimshike vidole nimpigie mimi. Saa kumi na moja ikapita. Kwa dirisha niliwaona wageni barazani wakijikusanya vikundi vikundi, wakitazama miti ya migunga kana kwamba itatembea. Bwana Lowther alikuwa katikati yao anaeleza, na kila akieleza wezi wanaongezeka.

Mwishowe Naftaly akamwita Memsabu, akamsomea. Nimelihifadhi tangazo lile kichwani, maana baadaye alilitafsiri, na wafanyakazi wote tulisomewa. Lilisema hivi:

"Kwa wageni wetu wote. Leo Jumamosi, kati ya saa kumi na dakika kumi na saa kumi na robo jioni, mkoba mmoja uliibwa katika gari lililosimama nje ya lango. Gari halikuwa limefungwa wala halikuwa na mtu. Wakati huo kitabu cha wageni kilikuwa kikitiwa sahihi kibandani, na mlinzi wa lango alikuwa pamoja na mgeni. Hakuna aliyeumia na hakuna silaha iliyopotea. Aliyechukua mkoba hajulikani. Polisi wa Naivasha wameitwa. Tunawaomba mfunge milango ya magari kila mnaposhuka, na vitu vya thamani mvilete ofisini viwekwe kwenye sefu, mpewe risiti. Kuanzia leo kitabu kitaletwa kwenye gari, na dereva hatahitaji kushuka. Mwenye kuona jambo lolote amweleze meneja. Tafadhali msimshike wala msimhoji mtu yeyote wenyewe."

Memsabu akasema sentensi ya kibandani iondolewe. Mgeni akisoma hivyo ataona kosa ni la loji.

"Ni la loji, memsabu," Naftaly akasema.

"Nani alisema kitabu kikae kibandani?"

"Mimi. Memsabu alikubali, lakini fikira ilikuwa yangu. Barua yangu iko kwenye faili, tarehe kumi na mbili mwezi wa tano mwaka jana."

Jamani! Niliuma shuka. Mtu anaulizwa swali ambalo angelijibu kwa kukuna kichwa tu, yeye anataja mpaka tarehe.

Naftaly akaendelea. Akasema kwamba ikiondolewa sentensi ile, gari litabaki halina mtu bila sababu, na kila anayesoma ataweka sababu yake mwenyewe. Wote wataweka ile ile. Na mzee Kahiga ataondoka na polisi leo, na hakuna karatasi itakayomrudisha.

Hapo mlango wa mbele ukafunguliwa kwa nguvu. Bwana Lowther. Akaichukua karatasi mezani, akaisoma, akaanza kupiga meza. Alitaka iandikwe kwamba mlinzi Mkikuyu anashukiwa kula njama na wezi. Alitaka iandikwe wageni wasimwamini mtumishi yeyote wa kabila hilo. Alisema ni haki ya wageni kujua.

Naftaly akasimama. Mimi nilijua anasimama kwa sababu kiti chake kililia. Akasema kwa adabu zote kwamba yuko tayari kuandika lolote ambalo bwana mwenyewe aliliona. Je, alimwona mlinzi na mwizi pamoja?

Hakuwaona.

Alimwona mlinzi karibu na gari?

Hakumwona.

"Basi, bwana," Naftaly akasema, "nimeandika bibi alikuwa wapi, na mlinzi alikuwa wapi. Bado sijaandika bwana alikuwa wapi. Inspekta atauliza. Niandike nini?"

Ikaja sauti nyembamba, ya bibi Lowther, aliyekuwa amesimama mlangoni muda wote na hakuna aliyemjali. Akasema mume wake alikuwa nyuma ya mti, haja ilimbana tangu Gilgil, na kwa haraka aliacha mlango wa gari wazi. Akasema yule mzee hakubanduka kando yake, hata alimshikia kidau cha wino kwa sababu meza ilikuwa inayumba.

Naftaly akauliza, kwa uso usio na kicheko hata chembe, kama aandike "nyuma ya mti".

Bwana Lowther alisema neno ambalo sikulijua na sijalitafuta maana yake. Akatoka. Mimi nilijiziba mdomo kwa foronya. Lakini nilikuwa nimeshaomba kazi ya mtu ambaye bibi mgeni, asiyemjua hata jina, alikuwa amemsemea.

Memsabu akatia sahihi. Akasema tu, "Hili la kitabu tutalizungumza, Naftaly." Naye akajibu ndiyo, memsabu. Nakala ya kwanza ilibandikwa kwenye ubao saa kumi na mbili kasoro robo. Niliwaona wageni wakilisogelea, wakasoma, mmoja akamsomea mwenziwe mwenye miwani iliyovunjika. Hawakufurahi, lakini walishusha mabega. Wanaume wawili wakaenda kufunga magari yao. Yule bibi wa masanduku akaleta bangili zake ofisini akadai risiti.

Polisi walifika mvua ikianza. Inspekta mzungu kijana na askari wawili, na lori. Lile lori ndilo lililonikata maini. Hawaleti lori kwa ajili ya mkoba. Inspekta akashuka, akauliza moja kwa moja, wale Wakikuyu wenu wako wapi? Askari mmoja akamshika Kahiga mkono pale kwenye jiwe, akamsimamisha. Wangu alitoka mbio na furushi kichwani. Hakulia. Alitaka tu furushi lipande na mumewe.

Memsabu akampa inspekta nakala ya tangazo. Kijana akalisoma chini ya mwavuli, haraka, kisha akalisoma tena polepole. Akaomba kitabu. Naftaly alikuwa amekishika kifuani ndani ya koti. Inspekta akatazama mstari wa mwisho, akatazama dole gumba, akamwita bibi Lowther, akamwuliza kama sahihi ni yake na saa ni hiyo. Akasema ndiyo. Tangazo lilikuwa limeshasomwa na wageni ishirini na watatu, limetiwa sahihi na meneja. Kumchukua mzee sasa kungekuwa kusema kwamba meneja na bibi Lowther ni waongo, mbele ya wageni wote wale.

Akaomba pasi ya Kahiga, hati yake ya kibali. Akaifungua, akailinganisha picha na uso, mvua inaidondokea. Sekunde zile zilikuwa ndefu mno. Kisha akaifunga, akamrudishia. Akawatuma askari kutafuta nyayo nyuma ya ua, jambo ambalo wangelifanya kwanza. Mkoba ulipatikana Jumatatu kwenye mtaro, hauna pochi wala kamera. Nani aliuchukua, mpaka leo sijui.

Siku ya pili Memsabu alitimiza neno lake. Hakumfukuza Naftaly. Alimtoa ofisini. Alisema kwa kuwa kitabu kitaletwa garini, na kisilowe, basi anayejua kukitunza ndiye akibebe. Karani wa Kigoa, Mhindi wa Goa, akaletwa kutoka Nakuru kukaa kwenye taipu. Naftaly wa misheni, mwenye mwandiko wa kutundikwa ukutani, akawa anasimama barabarani na mwavuli mkononi, anainamia madirisha ya magari. Miaka miwili. Nilimwambia mara nyingi kwamba alijitakia. Alikubali kila mara, na hilo pia liliniudhi.

Alirudi kwao mwaka wa hamsini na saba akafundisha darasa la kwanza. Nasikia watoto walimwogopa kwa maswali.

Lakini ninalolikumbuka zaidi ni ile asubuhi ya Jumapili, siku yake ya kwanza langoni. Nilikwenda kuwapelekea chai, nikiwa na nia ya kumwambia Kahiga nilichoomba, nikaungame yaishe. Niliwakuta wote wawili kibandani. Kahiga alikuwa amemwomba Naftaly amsomee kwenye ile karatasi, mahali anapotajwa yeye tu.

Naftaly akasoma: "Mlinzi wa lango alikuwa pamoja na mgeni."

"Ni hivyo tu?"

"Ni hivyo tu."

"Hakuna neno lingine mbele?"

"Hakuna."

Tangu hali ya hatari ianze Kahiga alikuwa ameandikwa kwenye karatasi nyingi sana, na hakuna hata moja iliyomwita kwa kazi yake tu, bila kabila. Akajipangusa macho kwa kiganja, bila kuona haya mbele yetu.

"Soma tena, karani," akasema.

Naftaly akasoma tena. Mimi nikaweka chai chini, na lile nililokwenda kusema sikulisema.